Umelipa, Bomba Halitoi: Pesa Yako Imekaa Wapi?

Gati la maji linapofungwa bomba la tagi, malalamiko ya kwanza kufika kwenye kamati huwa si ya maji. Ni ya pesa. "Nimelipa, ujumbe umeingia, nimefika hapa hakuna kitu." Mwangalizi wa gati anaitazama simu ya mteja, anauona ujumbe kweli upo, anakosa la kusema. Foleni ya ndoo inarefuka nyuma yao, na kabla ya saa sita kijiji kizima kimeshaambiwa kwamba bomba jipya linakula hela.

Mara nyingi pesa hiyo haijaliwa. Imekaa mahali ambapo bomba haliioni. Ukijua safari ya shilingi yako kutoka kwenye simu hadi kwenye ndoo, utajua pia umuulize nani na umuulize nini, na hutazungushwa kati ya mwenye duka, katibu wa kamati na huduma kwa wateja ya kampuni ya simu.

Mabomba ya namna hii si mageni Afrika Mashariki. Nairobi yalifungwa kwenye mitaa ya Mathare mwaka 2015, mteja akigusisha kadi na kupata lita 20 kwa senti 50 za Kenya. Kwetu Tanzania yamekuwa yakisambaa vijijini, ambako tangu kuanzishwa kwa RUWASA mwaka 2019 miradi mingi inaendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Umbo linatofautiana: kwingine ni kadi, kwingine kidude cha plastiki cha mviringo ambacho watu wanakifunga kwenye funguo. Hapa nitakiita tagi. Kwa ndani kazi yake ni ileile: kijumba kidogo chenye namba isiyofanana na nyingine, na pengine nafasi ya kuandikia salio. Hakina betri. Kinapata nguvu kutoka kwenye kisomeo cha bomba kinapokaribiana nacho, sentimita chache tu.

Tuchukue gati moja la mfano. Bei ni shilingi 40 kwa ndoo ya lita 20, yaani shilingi 2 kwa lita, au 2,000 kwa uniti moja. Mama mmoja anatuma 2,000 kwa simu akiwa nyumbani. Hesabu yake ni ndoo 50.

Pesa hiyo inapita sehemu tatu. Kwanza inatoka kwenye akaunti yake ya simu na kuingia kwenye akaunti ya mradi. Ujumbe anaoupata hapo unatoka kwa kampuni ya simu, na unathibitisha jambo moja tu, kwamba hela imehama. Pili, mfumo wa maji wenyewe, yaani seva inayotunza daftari la wateja, unatakiwa upokee taarifa ya malipo na kuyaweka kwenye jina la mteja huyu. Mfumo mzuri unatuma ujumbe wa pili hapo, wenye namba ya tagi na salio jipya kwa shilingi au kwa lita. Tatu, salio hilo linatakiwa lifike bombani, au lifike kwenye tagi. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu hatua hii haifanani katika mifumo yote.

Kuna mifumo ambayo pesa inakaa kwenye tagi yenyewe. Unakwenda kwa wakala mwenye duka, unampa taslimu, anagusisha tagi yako nyuma ya simu yake, salio linaandikwa humo. Bomba linasoma salio na kulipunguza bila kumuuliza mtu yeyote, hivyo hata mnara wa simu ukilala siku nzima, maji yanatoka. Kuna mifumo mingine ambayo tagi ni kitambulisho tu. Pesa inakaa kwenye seva, na bomba linatumia laini ya simu iliyo ndani yake kuuliza: huyu ana salio? Mtandao ukikatika, ama bomba linakataa, ama linatumia orodha ya salio iliyohifadhiwa tangu lilipopata mtandao mara ya mwisho, orodha ambayo malipo yako ya asubuhi hii hayamo.

Aina ya tatu ndiyo inayozaa ugomvi mwingi. Mteja analipa kwa simu, salio linasubiri kwenye seva, kisha linaandikwa kwenye tagi siku ya kwanza atakapoigusisha kwenye bomba lenye mtandao. Mama wetu ana ujumbe wa kampuni ya simu, pengine hata wa mfumo wa maji, lakini tagi yake bado haina kitu. Akiigusisha na kuiondoa haraka, kama wanavyofanya wengi kwa mazoea ya kadi za basi, bomba halijapata muda wa kuuliza seva na kuandika. Linasoma sifuri, linawasha taa nyekundu, basi. Aiweke tena, aiache hadi kioo kionyeshe salio jipya, ndipo aanze kuchota. Kama kioo hakibadiliki, ajaribu gati jingine la mradi huohuo kabla ya kulipa mara ya pili. Kulipa mara ya pili ndilo kosa la gharama zaidi, kwa sababu sasa una hela mbili zimekwama badala ya moja.

Ukitaka kujua gati lako ni la aina gani, muulize msimamizi maswali mawili. Mtandao ukikatika, maji yanaendelea kutoka? Na tagi ikipotea, salio langu linarudi? Jibu la swali la pili lisikilize kwa makini. Pesa iliyo kwenye seva inahamishiwa kwenye tagi mpya kwa urahisi, tagi ya zamani ikafungwa. Pesa iliyo kwenye tagi inarudi tu kama mabomba yanapeleka kumbukumbu za kila uchotaji kwenye seva, na hata hivyo itabidi usubiri mabomba yote yapate taarifa kwamba tagi ya zamani imefungiwa. Bomba lisilo na mtandao leo litaendelea kumchotesha aliyeiokota. Kwa hiyo toa taarifa siku hiyohiyo, na kwenye tagi ya kushika pesa usiweke salio la mwezi mzima. Salio la wiki linatosha, ingawa ukijaza mia tano mia tano kwa simu, makato ya kutuma nayo yanakula sehemu yake. Kila nyumba itapima yenyewe.

Haya, salio limeonekana. Sasa maji.

Tagi ikikubaliwa, kidhibiti cha bomba kinapeleka umeme kidogo kwenye vali, vali inafunguka. Vali nyingi za aina hii zinahitaji umeme wakati wa kufunguka na wakati wa kufunga tu, katikati hazili chochote, ndiyo maana betri ndogo inayochajiwa na kipande cha sola inatosha. Maji yanapita kwenye dira yenye kipanga kidogo kinachozunguka, na kila mzunguko unapeleka mpigo kwenye kidhibiti. Kidhibiti kinahesabu mipigo, kinaigeuza kuwa lita, lita kuwa shilingi. Ukiondoa tagi, au salio likiisha, au mipigo ikikosekana kwa muda uliopangwa, vali inafungwa.

Zingatia jambo moja hapo. Bomba haliwezi kuandika kwenye tagi ambayo imeshaondoka. Kwa hiyo pale ambapo tagi inakaa bombani muda wote wa kuchota, na pesa imo ndani ya tagi, bomba linalazimika kukata kidogo kidogo kadiri maji yanavyokwenda. Ukiinyofoa katikati, kipande cha mwisho kilichokatwa kinaweza kuwa hakijatoka chote. Ni lita moja au chini yake, si wizi, lakini mtu anayeinyofoa na kuirudisha mara tano kwa ndoo moja ili ahame kutoka dumu hadi dumu, anajilipisha mwenyewe. Panga vyombo kwanza, halafu weka tagi.

Sasa tuje kwenye lawama ya pili kwa ukubwa: "Nimekatwa zaidi ya ndoo." Mama wetu alitarajia ndoo 50, salio limeisha kwenye ya 45. Kabla hamjaishika dira shati, litazameni dumu. Dumu linaloitwa la lita 20 lina lita 20 likijazwa hadi mabegani. Ukilijaza hadi mdomoni mpaka maji yanatiririka, linaingiza zaidi, pengine lita 21 au 22, na yale yaliyomwagika chini nayo yamehesabiwa. Lita 22 ni shilingi 44. Gawa 2,000 kwa 44, unapata madumu 45 na kidogo. Hakuna aliyemwibia. Zamani mchotishaji alikuwa anauza dumu, likijaa limejaa, ziada ilikuwa nyongeza. Bomba la tagi halijui dumu ni kitu gani. Linajua lita tu.

Lakini kuna wakati dira kweli inadanganya, na njia ya kulibaini iko sokoni: mizani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kwa kazi hii hesabu hiyo inatosha kabisa. Pimeni dumu tupu, tuseme kilo 1. Someni salio, tuseme 1,000. Choteni bila kumwaga tone, ondoeni tagi, someni salio tena, kisha pimeni dumu lililojaa. Tuseme mizani inasema kilo 21, maana yake maji ni lita 20 kamili. Salio lililobaki likiwa 960, dira iko sawa. Likiwa 950, mmelipia lita 25 mkapata 20, na hapo kuna jambo. Dira nzuri ya maji, ikiwa katika mtiririko wa kawaida, inaruhusiwa kukosea kwa takribani asilimia 2. Katika mtiririko hafifu sana, asilimia 5. Kwa hiyo tofauti ya shilingi moja au mbili kwenye dumu moja isiwe sababu ya kuitisha mkutano. Jaribio lifanywe mara tatu, mbele ya mtumiaji mmoja na mjumbe mmoja wa kamati, na lirudiwe saa tofauti za siku.

Nasema saa tofauti kwa sababu mdanganyifu mkubwa ni hewa, na hewa ina saa zake. Kwenye mradi wa mgao, bomba kuu linakauka usiku. Asubuhi pampu ikiwashwa au tangi likifunguliwa, maji yanasukuma mbele yake hewa yote iliyokuwa ndani, na hewa inakizungusha kile kipanga vizuri tu, pengine kwa kasi kuliko maji. Anayeweka tagi wa kwanza anasikia bomba likikohoa na kutema, na salio linashuka huku dumu likiwa na kikombe cha maji. Ukisikia kukohoa huko, ondoa tagi. Kamati isiache jambo hili kwa bahati ya nani kaamka mapema: dawa yake ni vali ya kutolea hewa kwenye sehemu iliyoinuka ya bomba kabla ya gati, na mpaka itakapofungwa, mwangalizi awe na tagi ya kazi ya kutolea hewa kila asubuhi, matumizi yake yakiandikwa kwenye daftari.

Mchanga na kutu vinafanya kinyume. Vinakikwamisha kipanga kizunguke pole pole, dira inahesabu pungufu, mteja anapata maji ya bure, na hakuna anayekuja kulalamika. Ndiyo maana kamati nyingi zinagundua tatizo la hewa ndani ya wiki na tatizo la mchanga baada ya miezi, wakati hela ya dizeli au ya umeme wa pampu imeshapungua. Dalili yake ya nje ni ndogo: maji yanatoka taratibu kuliko zamani, maana chujio lililo mbele ya dira nalo limeanza kuziba. Kusafisha chujio ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye spana, na mradi ambao fundi wake hajawahi kulifungua tangu siku ya uzinduzi una swali la kujibu.

Vali nayo ina tabia zake. Ile ya kawaida inategemea msukumo wa maji yenyewe kufunguka na kujibana vizuri. Kila mita 10 za mwinuko wa tangi zinatoa bari moja ya msukumo, na kuna vali zinazohitaji walau robo au nusu ya hiyo ili zifanye kazi sawasawa. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 6 linatoa bari 0.6 hapo chini yake, kisha msukumo unapotea njiani kadiri bomba linavyokuwa refu na jembamba. Gati la mwisho wa kijiji likifunguliwa wakati magati mengine matano yanachota, vali yake inaweza kugoma kufunguka, au ikafunguka na isijibane. Watu wanasema bomba la kule mwisho lina jini. Halina jini, lina msukumo mdogo, na kulibadilishia kisomeo au kumpa mteja tagi mpya hakutasaidia kitu. Panapohitajika msukumo mdogo, inafungwa vali ya mota, ambayo inafungua na kufunga kwa nguvu yake yenyewe. Inachelewa sekunde kadhaa kufunga, kwa hiyo anayechota kwenye gati kama hilo aondoe tagi dumu linapokaribia kujaa, asisubiri lifurike.

Kama maji yanaendelea kudondoka baada ya tagi kuondolewa, kuna mambo mawili ya kushuku. Punje ya mchanga imekaa kwenye kiti cha vali, na hapo maji yanadondoka muda wote, mchana na usiku. Au betri imechoka, na hapo tatizo linakuja alfajiri au siku za mawingu na kutoweka jua likichomoza. Kidhibiti kilichotengenezwa kwa akili kinapima betri kwanza, na kikiona haitatosha kufunga, kinakataa kufungua. Mteja anaudhika, lakini ni afadhali bomba lililokataa kuliko lililofunguka likashindwa kufunga tangi likaisha usiku. Kabla ya kununua betri mpya, mpandishe kijana akafute vumbi kwenye sola.

Kwa kamati, kipimo kimoja kinatangulia vingine vyote, nacho hakihitaji kompyuta. Kwenye bomba linalotoka tangini iwepo dira kubwa ya kawaida, ile ya tarakimu. Isomwe kila jioni na kila alfajiri. Tuseme leo imesoma kwamba zimetoka uniti 10, yaani lita 10,000, na ripoti ya mfumo inasema magati yote yameuza lita 9,100. Lita 900 ziko wapi? Usomaji wa usiku ndio unaojibu. Kama hakuna aliyechota usiku na dira kubwa imesogea, maji yanavuja njiani au kuna vali haijibani, na mtazunguka gati kwa gati mkisikiliza. Kama usiku dira imesimama kimya, basi maji yanatokea mchana, kupitia bomba linalohesabu pungufu. Hapo mnachukua dumu na mizani mnakwenda gati moja moja. Kuwaita wataalamu kutoka mjini kabla ya kazi hiyo ni kuwalipa nauli waje wawaulize maswali haya haya. Dira ikionekana kukosea kweli, Wakala wa Vipimo ndio wenye mamlaka ya kuihakiki. Kituo chao cha kupimia dira za maji kiko Misugusugu, Kibaha.

Ripoti ya mfumo nayo isomwe kwa tahadhari. Bomba lililokosa mtandao linatunza kumbukumbu zake ndani na kuzipeleka mtandao ukirudi, hivyo mauzo ya leo yanaweza kuonekana kesho. Msilinganishe siku na siku. Linganisheni wiki na wiki, baada ya kuhakikisha kila gati limeshapeleka taarifa zake. Nimeona katibu akituhumiwa mbele za watu kwa mauzo ya gati moja kuwa sifuri siku mbili, kumbe gati lenyewe lilikuwa bondeni ambako simu haishiki.

Limebaki la siku mfumo unapolala kabisa, kisomeo kimeharibika na fundi yuko wilayani. Gati lisilo na njia ya pembeni linawanyima watu maji wakati tangi limejaa. Njia ya pembeni ni bomba dogo linalopita nje ya vali ya umeme lakini linapita kwenye dira ileile au dira nyingine ya tarakimu, lenye koki iliyofungwa kwa kufuli. Funguo ziwe mbili, za kufuli mbili, moja kwa katibu na nyingine kwa mwangalizi. Siku ya kuifungua, usomaji wa dira unaandikwa kwenye daftari mbele ya mtu wa tatu, pamoja na saa. Maji yanauzwa taslimu kwa bei ileile ya shilingi 40, jioni dira inasomwa tena. Ikiwa ilisoma uniti 312 asubuhi na 315 jioni, zimetoka lita 3,000, na kwenye kisanduku panatakiwa kuwe na shilingi 6,000. Wateja wenye salio kwenye tagi waambiwe mapema, kabla hawajatwisha ndoo, kwamba leo tagi haitumiki na salio lao halijaguswa.